Ada Iliyopokelewa Kabla ya Mafunzo: Namna ya Kuitambua kuwa Mapato Katika Mihula, kwa Mfano wa Shule Binafsi za Uganda

Ikisiri

Shule hupokea ada mwanzoni mwa muhula, ilhali mafunzo yanayolipiwa hutolewa wiki baada ya wiki. Makala haya yanafafanua kwa nini ada hiyo huwa dhima siku inapopokelewa, na jinsi inavyogeuka kuwa mapato kadiri mafunzo yanavyotolewa. Mfano uliotumika ni wa shule binafsi ya Uganda ambayo mwaka wake wa hesabu hufungwa tarehe 30 Juni, katikati ya muhula wa pili. Makala yanaonesha hesabu yenyewe, yanaeleza kwa nini kosa la kuitambua ada yote mara moja hujificha kwa miaka mingi, na yanapendekeza matumizi ya istilahi tatu zinazoweza kuzuia mkanganyiko unaoletwa na neno moja, yaani *mapato*.

Istilahi muhimu: ada, makusanyo, mapato, dhima ya mafunzo, muhula

1. Utangulizi

Neno *mapato* limeundwa kutokana na kitenzi *pata*. Kwa msemaji wa kawaida wa Kiswahili, mapato ni kile kilichopatikana. Fedha ikishaingia mkononi au benki, imepatikana, na kwa hiyo ni mapato. Mantiki hii ya lugha ni timilifu, wala haina kasoro katika mazungumzo ya kila siku. Kasoro hujitokeza pale neno hilohilo linapopewa kazi ya kitaalamu katika hesabu. Katika uhasibu, fedha iliyopokelewa na mapato yaliyostahiki ni vitu viwili. Mara nyingi hukutana siku moja, kama dukani, ambako mteja hulipa na kuchukua bidhaa yake papo hapo. Shuleni havikutani. Mzazi hulipa mwezi Mei mafunzo ambayo mtoto wake atayapata hadi Agosti.

Istilahi zilizopo hazisaidii sana kutenga dhana hizi. Nchini Tanzania, neno *mapato* limo katika jina la Mamlaka ya Mapato, limo katika kodi ya mapato, na limo katika taarifa za mapato na matumizi, ingawa dhana zinazorejelewa hazilingani kikamilifu. Kwa hiyo mhasibu wa shule anapoieleza bodi kwamba mapato ya kipindi ni shilingi milioni 200, huku taarifa ya benki ikionesha kuwa zimeingia shilingi milioni 520, mjumbe makini ana haki ya kuuliza ziliko milioni 320. Jibu ni kwamba hazijapotea. Hazijawa za shule.

2. Kanuni inayotawala utambuzi wa mapato

Kiwango cha Kimataifa cha Utoaji wa Taarifa za Fedha namba 15, kinachohusu mapato yatokanayo na mikataba na wateja, kilitolewa mwezi Mei 2014 na kuanza kutumika kwa vipindi vya hesabu vilivyoanza tarehe 1 Januari 2018 au baadaye. Msingi wake unaweza kuelezwa kwa sentensi moja: mapato hutambuliwa pale ahadi iliyotolewa kwa mteja inapotekelezwa, si pale malipo yanapofanyika. Kiwango cha taasisi ndogo na za kati, ambacho ndicho kinachozifaa shule nyingi binafsi, kimefuata mkondo huohuo katika toleo lake la tatu la mwezi Februari 2025, litakaloanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2027.

Swali la kwanza, basi, ni ahadi gani ambayo shule imeitoa. Kwa mzazi anayelipa ada ya muhula, ahadi ni mafunzo ya muhula huo, pamoja na malazi na chakula ikiwa shule ni ya bweni. Swali la pili ni iwapo ahadi hiyo hutekelezwa kwa mkupuo au kidogo kidogo. Mwanafunzi hunufaika na somo la leo leo hii, na shule haiwezi kulikusanya somo hilo ghalani ili ilikabidhi mwisho wa muhula. Manufaa hupokelewa na kutumiwa kadiri yanavyotolewa, na kiwango kinaelekeza kwamba katika hali kama hiyo mapato yatambuliwe katika muda wote wa utoaji wa huduma.

Kabla huduma haijatolewa, fedha iliyopokelewa ni dhima: shule ina wajibu wa kufundisha na, ikishindwa, wajibu wa kurudisha fedha au kufidia kwa namna nyingine. Tafsiri iliyozoeleka ya kuiita fedha hii *mapato yaliyoahirishwa* ni sahihi kwa desturi lakini inapotosha kwa maana, kwani humfanya msomaji aione kama mali ya shule inayosubiri tu kuandikwa. Makala haya yanatumia *dhima ya mafunzo*, kwa sababu istilahi hiyo inataja mambo mawili yanayohitajika: kwamba shule inadaiwa, na kwamba inadaiwa mafunzo.

3. Tarehe 30 Juni na muhula wa pili

Ukubwa wa tatizo hutegemea mahali ambapo mwisho wa mwaka wa hesabu unaangukia katika kalenda ya masomo. Nchini Tanzania na Kenya mwaka wa kodi ya mapato ni mwaka wa kalenda. Shule inayofuata kalenda ya taifa na kufunga hesabu tarehe 31 Desemba huwa likizoni siku hiyo, hivyo dhima yake ni ya ada za mwaka unaofuata tu. Nchini Rwanda mwaka wa masomo huanza Septemba, lakini muhula wa kwanza huwa umekwisha kabla ya mwisho wa Desemba.

Uganda ni tofauti. Sheria ya kodi ya mapato huutambua mwaka unaoishia tarehe 30 Juni, isipokuwa kwa anayeruhusiwa kutumia kipindi kingine. Mwaka wa masomo una mihula mitatu, na ule wa pili kwa kawaida huanza mwishoni mwa Mei na kumalizika katika nusu ya pili ya Agosti. Shule inayofuata mwaka huo wa kodi hufunga hesabu huku wanafunzi wakiwa darasani, ada nyingi ikiwa imeshalipwa, na sehemu kubwa ya mafunzo ikiwa bado.

4. Mfano wa hesabu

Ichukuliwe shule ya mfano yenye wanafunzi 400. Ada ya kila mwanafunzi ni shilingi za Uganda 1,300,000 kwa muhula. Muhula wa pili una wiki 13, ulianza Jumatatu tarehe 27 Mei 2024, na kufikia Jumapili tarehe 30 Juni wiki 5 zilikuwa zimekamilika. Zimebaki wiki 8.

Hadi siku ya kufunga hesabu, wanafunzi 320 wamelipa ada yote ya muhula wa pili, jumla ya shilingi milioni 416. Wengine 80 wamelipa nusu, yaani shilingi 650,000 kila mmoja, jumla milioni 52. Miongoni mwa waliomaliza kulipa, 40 wamelipa pia ada ya muhula wa tatu, jumla milioni 52. Makusanyo yote ni shilingi milioni 520. Kwa bahati, kiasi hicho ni sawa kabisa na ada ya wanafunzi 400 kwa muhula mmoja. Ulinganifu wa namna hii ndio unaomfanya mhasibu asiye mwangalifu aamini kuwa kila kitu kimekaa sawa.

Fedha inapoingia, ingizo la kwanza katika leja ni hili:

Debiti: Benki 520,000,000
Krediti: Dhima ya mafunzo 520,000,000

Hakuna mapato yaliyotambuliwa bado. Kufikia tarehe 30 Juni, shule imetoa wiki 5 kati ya 13. Kwa kila mwanafunzi, mafunzo hayo yana thamani ya 1,300,000 × 5 ÷ 13, yaani shilingi 500,000. Kwa wanafunzi 400 ni milioni 200. Ingizo la pili ni hili:

Debiti: Dhima ya mafunzo 200,000,000
Krediti: Mapato ya ada 200,000,000

Dhima inayobaki ni shilingi milioni 320. Kiasi hiki hakipaswi kukubaliwa kwa kutoa tu 200 kutoka 520. Kinapaswa kuthibitishwa kwa orodha ya wanafunzi, kama inavyoonekana katika Jedwali 1.

Jedwali 1: Dhima ya mafunzo tarehe 30 Juni

| Kundi | Idadi | Dhima kwa kila mmoja | Jumla |
|---|---|---|---|
| Waliolipa muhula wa pili wote | 320 | 800,000 | 256,000,000 |
| Waliolipa nusu ya muhula wa pili | 80 | 150,000 | 12,000,000 |
| Waliolipa pia muhula wa tatu | 40 | 1,300,000 | 52,000,000 |
| Jumla | | | 320,000,000 |

Safu ya pili ya jedwali inastahili kutazamwa kwa makini. Mzazi aliyelipa nusu ya ada huitwa mdaiwa katika lugha ya shule, na huenda mtoto wake akatishiwa kurudishwa nyumbani. Hata hivyo, kufikia tarehe 30 Juni mtoto huyo amefundishwa kwa thamani ya shilingi 500,000, na mzazi amelipa 650,000. Ikitazamwa kwa kigezo cha mafunzo yaliyotolewa, shule ndiyo inayodaiwa shilingi 150,000. Ikiwa masharti ya ada yanaifanya ada yote iwe haki ya shule tangu siku ya kwanza, shule itaionesha nusu iliyosalia katika orodha ya wadaiwa, lakini itaongeza kiasi hichohicho katika dhima ya mafunzo. Mapato hayabadiliki. Kutoa ankara peke yake hakuzalishi mapato, kama ambavyo kupokea fedha peke yake hakuyazalishi.

Upande wa pili wa kanuni hii nao ni muhimu. Lau wale 80 wasingelipa hata shilingi moja, huku shule ikiwafundisha na kutarajia kwa haki kuwa watalipa, mapato yangebaki milioni 200, na milioni 40 kati yake zingeandikwa kuwa deni la wazazi kwa wiki 5 zilizofundishwa. Kinachoamua mapato ni mafunzo.

5. Kipimo sahihi cha muda

Baadhi ya shule hukubali kwamba ada isitambuliwe yote kwa pamoja, lakini huigawa ada ya mwaka kwa miezi 12. Njia hii ni rahisi, na kwa shule inayofunga hesabu mwishoni mwa Desemba haiathiri jumla ya mwaka. Kwa shule ya mfano huu inaathiri. Ada ya mwaka ni shilingi 3,900,000. Kwa kugawa kwa miezi, nusu yake, yaani 1,950,000, ingetambuliwa kufikia tarehe 30 Juni. Kwa kufuata mafunzo, muhula wa kwanza umekamilika na kuleta 1,300,000, na wiki 5 za muhula wa pili zimeleta 500,000, jumla 1,800,000. Tofauti ni shilingi 150,000 kwa mwanafunzi, au milioni 60 kwa shule nzima. Chanzo cha tofauti ni kwamba ugawaji wa miezi huihesabu likizo kuwa ni mafunzo.

Kwa sababu hiyo, kipimo kinachofaa ni wiki za mafunzo ndani ya muhula husika, na muhula mmoja usichanganywe na mwingine ikiwa kila mmoja una ada yake. Wiki za mitihani ya ndani huhesabiwa, kwa kuwa ni sehemu ya huduma iliyoahidiwa.

Aina mbili za malipo hazifuati kipimo hiki kwa urahisi. Ya kwanza ni ada ya kujiunga isiyorejeshwa. Kwa kuwa haitarudishwa, wengi huitambua siku ileile inapolipwa. Lakini kuandika jina la mtoto katika rejesta hakumpi mzazi huduma yoyote inayojitegemea. Ni maandalizi ya mafunzo yajayo. Ada hiyo hutandazwa katika kipindi cha mafunzo inachohusiana nacho. Ya pili ni fedha ya usajili wa mitihani inayokusanywa kwa niaba ya Baraza la Taifa la Mitihani la Uganda. Hiyo si mapato ya shule kwa muhula wowote. Shule ni mpitishaji tu, na fedha hiyo ni deni kwa baraza hadi itakapowasilishwa.

6. Kosa linalojificha na siku linapofichuka

Shule inayoandika makusanyo yote milioni 520 kuwa mapato inapunguza dhima zake katika mizania kwa milioni 320. Mtu angetarajia kwamba ziada ya mwaka nayo imezidishwa kwa milioni 320. Sivyo, ikiwa kosa hilo limekuwa likifanywa kila mwaka. Tuseme kwamba tarehe 30 Juni ya mwaka uliotangulia dhima iliyopuuzwa ilikuwa milioni 290. Fedha hiyo ilipaswa kuwa mapato ya mwaka huu, lakini iliandikwa mwaka jana. Ziada ya mwaka huu imezidishwa kwa tofauti tu, yaani milioni 30. Makosa mawili yanaelekea kufutana katika taarifa ya mapato na matumizi, wakati mizania inabaki na pengo zima.

Hapa ndipo lilipo fumbo la jambo hili. Shule inayoongeza wanafunzi kila mwaka huonekana ina ziada kubwa kidogo kuliko ukweli, na hakuna anayeshtuka. Msomaji anayetazama ziada peke yake hawezi kuliona kosa. Anapaswa kutazama orodha ya dhima. Shule inayofunga hesabu katikati ya muhula na kuonesha dhima sifuri kwa ada zilizotangulia inatoa dalili ya wazi. Jaribio la pili ni kuzidisha idadi ya wanafunzi kwa ada na kwa sehemu ya wiki zilizofundishwa katika kila muhula ulioguswa na mwaka wa hesabu, kisha kulinganisha matokeo na mapato yaliyoandikwa.

Athari za kosa hili ni za fedha halisi. Ikiwa shule ya mfano hutumia shilingi milioni 30 kwa wiki kulipa mishahara, chakula na huduma nyingine, kufikia tarehe 30 Juni imetumia milioni 150 kati ya makusanyo yake na imebakiwa na milioni 370. Bodi iliyoambiwa kuwa zote ni ziada inaweza kuidhinisha bweni la milioni 200 mwezi Julai. Zinabaki milioni 170, ilhali wiki 8 zilizosalia zinahitaji milioni 240. Hata wale 80 wakikamilisha milioni 52 zao, pengo la milioni 18 litakuwepo, na milioni 52 zilizolipiwa muhula wa tatu zitakuwa zimeliwa kabla muhula huo haujaanza. Shule ya namna hii hukopa mwezi Agosti, na huenda ikawahimiza wazazi walipe mapema zaidi ili ada ya kesho igharimie mafunzo ya leo.

Tukio la kihistoria lililoidhihirisha dhima hii ni kufungwa kwa shule zote za Uganda tarehe 20 Machi 2020 kutokana na janga la korona, muhula wa kwanza ukiwa haujamalizika. Madarasa yote yalifunguliwa tena tarehe 10 Januari 2022. Ichukuliwe kwamba shule yetu ya mfano ilikuwa imefundisha wiki 7 kati ya 13 ilipofungwa, na kwamba wanafunzi wote 400 walikuwa wamelipa. Wiki 6 hazikufundishwa. Kila mzazi alikuwa anadai mafunzo ya shilingi 600,000, na shule nzima ilikuwa na dhima ya milioni 240. Dhima hiyo haikuzaliwa na janga. Ilikuwepo tangu siku ya malipo. Janga liliizuia tu isijifute kwa kufundisha. Shule iliyokuwa imeiandika ingeweza kujua mara moja kiasi cha kujadiliana na wazazi, iwe kwa kurejesha au kwa kukipunguza katika ada ya baadaye. Shule iliyokuwa imeandika ada yote kuwa mapato ilikuwa na deni ambalo vitabu vyake havikulitaja.

7. Mapendekezo ya istilahi na sera

Kwa kuwa Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, taarifa za shule zitahitaji istilahi zinazoeleweka kwa wajumbe wa bodi na wazazi. Makala haya yanapendekeza zitenganishwe istilahi tatu. *Makusanyo* yawe fedha yote iliyopokelewa katika kipindi. *Mapato ya ada* yawe thamani ya mafunzo yaliyokwisha kutolewa. *Dhima ya mafunzo* iwe ada iliyopokelewa kwa mafunzo ambayo bado. Mgawanyo huu unafaa pia panapotumika *karo*, kama nchini Kenya, kwani unahusu hatua ya fedha na wala si jina la malipo. Taarifa inayotumia istilahi hizi ingesomeka hivi: makusanyo milioni 520, mapato ya ada milioni 200, dhima ya mafunzo milioni 320. Mjumbe anayeuliza ziliko milioni 320 anajibiwa na taarifa yenyewe.

Kwa upande wa sera, mamlaka zinazosajili na kukagua shule binafsi zinaweza kudai mambo mawili bila kuzitwisha shule mzigo mkubwa. La kwanza ni orodha ya dhima ya mafunzo kwa kila mwanafunzi siku ya kufunga hesabu, ambayo hutokana na rejesta ya ada iliyopo tayari. La pili ni tamko la wiki za kila muhula na idadi ya zilizofundishwa kufikia siku hiyo. Kwa taarifa hizo mbili, mkaguzi anaweza kuihakiki hesabu yote kwa kuzidisha na kugawanya.

Kuna mipaka ya kuzingatiwa. Utambuzi sahihi wa mapato haulindi fedha iliyopo benki. Shule inaweza kuandika dhima kwa usahihi na bado ikazitumia fedha zenyewe. Ulinzi huo unahitaji uamuzi wa bodi, kwa mfano kutenga akaunti ya ada za mihula ijayo. Vilevile, sheria za kodi zinaweza kuwa na masharti yake kuhusu wakati wa kutoza, na mwalimu mkuu hapaswi kudhani kwamba hesabu za kodi na hesabu za mwaka lazima zilingane.

8. Hitimisho

Ada inayolipwa mwanzoni mwa muhula ni ahadi iliyolipiwa. Hugeuka kuwa mapato kwa sehemu, kila wiki ya mafunzo inapokamilika, na sehemu iliyobaki ni deni la shule kwa mzazi hata kama hakuna anayelidai. Kwa shule za Uganda zinazofunga hesabu tarehe 30 Juni, sehemu hiyo inaweza kuzidi nusu ya makusanyo ya muhula, kama ilivyokuwa milioni 320 kati ya 520 katika mfano uliotolewa. Kuitaja kwa jina lake katika taarifa ya bodi, kabla ya kuamua juu ya bweni, gari au mkopo, ndiko kunakoiwezesha shule kujua ni fedha gani inayoweza kuitumia na ni ipi ambayo bado inapaswa kuifundishia.